"Wazungu wana maneno mia tano ya ulevi, sisi tuna moja": dhana inayonichosha

Familia ikimleta mtu kwangu kwa ushauri wa ulevi, hakosekani shemeji au mjomba aliyesoma mahali kwamba Kiingereza kina maneno zaidi ya mia tano ya kusema "amelewa". Kisha anamalizia: "Unaona? Walevi ni hao. Sisi tuna kulewa tu." Idadi hiyo ni ya kweli. Hitimisho ni upuuzi, na mara nyingi linaletwa ili mgonjwa wao asiitwe mgonjwa.

Orodha inayotajwa ina maneno 546, na walioichapisha ni wanaisimu wawili wanaofanya kazi Ujerumani, Christina Sanchez-Stockhammer na Peter Uhrig. Walichotaka kueleza ni namna mzaha wa Waingereza unavyotengenezwa. Mwingereza huchukua jina la karibu kitu chochote, hata banda la bustani au egesho la magari, akalitia -ed mwishoni, na wenzake wakajua papo hapo kwamba anamsema mlevi. Mtambo wa namna hiyo unazalisha maneno bila mtu kuonja tone. Ukihesabu maneno, umepima mtambo. Glasi hujazihesabu.

Kuna jambo la maana zaidi ambalo Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani, aliliona mapema. Mwaka 1722, akiwa kijana wa miaka 16 anayeandika gazetini Boston kwa jina la mjane wa kubuni, alidhihaki watu ambao kwa maneno yao wenyewe hawalewi kamwe, ila kila siku wamekuwa hivi au vile, kwa majina ya kuchekesha. Mwaka 1737 akachapa Filadelfia orodha ya zaidi ya 200 ya majina hayo. Hoja yake ilikuwa kwamba ulevi ni aibu isiyo na jina zuri, ndiyo maana watu huuvalisha nguo za kuazima.

Na sisi tunazo nguo zetu. Mtu hulewa chakari, hulewa chopi, tilalila, bwii, njwii. Huyo mjomba anayesema tuna neno moja anayajua yote. Tazama yanaposimama: yote yako mwisho kabisa wa safari, kwa mtu aliyeanguka mtaroni. Kabla ya hapo tunasema "amechangamka", na hiyo ni sifa. Kinywaji chenyewe nacho tunakificha: jamaa amepiga maji, amepiga mtungi, amepiga vyombo. Hapo ndipo msimamo wetu juu ya pombe unapoonekana. Kwetu, asiyeanguka hajalewa.

Dereva mmoja aliniapia kwamba hajawahi kulewa, Jumamosi huwa anachangamka tu. Nikamwambia, "Kaka, niache na kuchangamka. Chupa ngapi?" Tatu, za nusu lita, bia ya asilimia 5. Tukapiga hesabu pamoja. Asilimia 5 ya mililita 500 ni mililita 25 za alkoholi. Mililita moja ya alkoholi ina uzito wa karibu gramu 0.8, kwa hiyo chupa moja ina gramu 20 hivi, na tatu zina 60. Shirika la Afya Duniani huanzia hapo hapo, gramu 60 kwa mkao mmoja, kuita unywaji wa kupindukia. Kwa lugha yake, alikuwa bado hajaanza.

Ndiyo maana dodoso la AUDIT la shirika hilo, la kupima unywaji wa pombe kwa maswali 10, halianzi kwa kumwuliza mtu kama hulewa. Maswali matatu ya kwanza ni: unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku unayokunywa, na ni mara ngapi unavuka kiwango kikubwa. Ukiwa nyumbani na mtu unayemhofia, fanya hivyohivyo. Soma lebo, andika ujazo na asilimia, zidisha. Pombe ya kienyeji isiyo na lebo haikupi hesabu hii, na hapo usikubali mtu akuambie "hii ni nyepesi".

Madai mengine ya namna hii kuhusu maneno ya ulevi nayapitia haraka. Wafaransa husema "kalewa kama Mpolandi", na wapo wanaodhani hiyo ni taarifa kuhusu Poland. Ni taarifa kuhusu anayesema. Warusi husema "kalewa kama fundi viatu", Waingereza husema "kalewa kama bwana mkubwa mwenye cheo". Kila mmoja ana wa kumsingizia.

Mjerumani akisema mtu ni "bluu", hana maana kwamba ana huzuni. Hiyo ni bluu ya Waingereza. Ya Kijerumani ni ya ulevi.

Wafini nao wana kalsarikännit, yaani kulewa nyumbani peke yako ukiwa na chupi, bila nia ya kutoka. Watu huliona kama ushahidi wa taifa la wapweke, wakati wizara yao ya mambo ya nje ililichorea kikatuni mwaka 2015 na kulitangaza kwa kicheko. Mimi sicheki sana. Anayekunywa peke yake hana wa kumhesabia chupa.