"Kwa Nini Tukuajiri Wewe?" Jibu la Ushahidi Ndani ya Dakika Moja

Waombaji wengi hulijibu swali hili kwa sifa: mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najituma. Huenda yote ni kweli, lakini msaili mwenye karatasi ya alama hapati cha kuandika, kwa sababu aliyetangulia kasema hayohayo na anayefuata atayarudia.

Jibu lianzie kwenye tangazo la kazi. Tafuta jukumu moja ambalo likiharibika mwajiri anapata hasara, kisha kumbuka jambo moja linalofanana nalo ulilowahi kulishughulikia. Moja latosha, ukibeba matatu, dakika itakwisha hujamaliza la kwanza.

Tuseme nafasi ni ya mtunza stoo, na tangazo linasisitiza usahihi wa kumbukumbu. Mwombaji anaweza kusema hivi:

"Mnahitaji mtu atakayehakikisha kilichoandikwa kwenye leja ndicho kilichopo rafuni. Nilipoanza kazi yangu ya sasa, hesabu ya mwezi ilionyesha bidhaa 38 ambazo idadi yake haikulingana na leja. Nilipofuatilia hati za kutolea mzigo, niligundua nyingi zilijazwa jioni ilhali mzigo ulitoka asubuhi. Nilimweleza msimamizi, tukakubaliana kwamba kitu kisitoke kabla hati haijasainiwa. Baada ya miezi 4 zilibaki bidhaa 5. Hapa kwenu ningeanza kwa kuhesabu kila wiki zile zinazotoka haraka, nisisubiri mwisho wa mwezi."

Ukilisema kwa utulivu, jibu hilo halifiki dakika. Hakuna sifa hata moja ndani yake, ila umakini unaonekana. Kinacholibeba zaidi ni ile sentensi ya hati kujazwa jioni. Tarakimu pekee yeyote aweza kuitaja. Chanzo cha tatizo hukijua aliyekuwepo. Neno "tukakubaliana" nalo lina kazi yake, maana anayejitwalia kazi ya wenzake hukwama akiulizwa nani aliidhinisha.

Utaulizwa pia 38 ilipatikanaje. Kama hukumbuki idadi kamili, sema "zaidi ya thelathini" na uwe tayari kueleza mlivyohesabu. Takwimu za siri za mwajiri wako, kama mauzo au bei za ununuzi, usiziguse: msaili atajiuliza utasema nini kuhusu ofisi yake. Asiye na ajira bado atumie mafunzo kwa vitendo au hesabu za kikundi alichokitunzia fedha, mpangilio haubadiliki.

Jirekodi kwa simu. Ukizidi sekunde 60, mara nyingi umerefusha utangulizi kwa kueleza historia ya kampuni. Punguza hapo, chanzo na matokeo yabaki. Usikariri neno kwa neno; shika hitaji lao, hali uliyoikuta, ulichofanya na kilichobadilika.

Ukimaliza, nyamaza. Kimya kinachofuata huwa ni msaili anaandika, na wengi hukijaza kwa kuongeza, "na pia mimi ni mchapakazi."