Faida ghafi ya bima si ile ya mhasibu wako

Kila soko linapoungua, hesabu moja huanza kuzunguka midomoni: "Nilikuwa nauza milioni mbili kwa siku, nimefunga siku arobaini, bima inanidai milioni themanini." Tuachane na hiyo "inanidai", maana anayedaiwa ni bima. Kasoro iko kwenye hizo milioni themanini. Halafu anatokea mjuaji wa pili kumsahihisha: "Hapana, unalipwa faida tu." Huyo naye amekosea, na kosa lake ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu linafanana sana na ukweli.

Bima ya kukatizwa biashara hulipa pengo la mapato linalobaki baada ya moto, mafuriko au janga lingine lililokatiwa bima kuharibu mali na kufanya biashara isimame au ipungue. Jengo, mashine na bidhaa vina bima yake, na kwa kawaida hiyo isipokubali kulipa uharibifu wa mali, hii ya pili nayo haisogei. Maana yenyewe inaishia hapo. Kazi iko kwenye kujua pengo ni kubwa kiasi gani, na hapo ndipo vitabu vya nyuma vinapoitwa kutoa ushahidi.

Bima haikulipi mauzo yaliyopotea kwa sababu shati ambalo hukuliuza hukulinunulia kitambaa. Fedha ya kitambaa bado unayo. Haikulipi faida halisi peke yake pia, ile inayobaki mwisho wa mwaka baada ya kila kitu kutoka, kwa sababu duka likiwa majivu mwenye nyumba bado anataka kodi yake, na fundi wa mshahara bado ana watoto wa kulisha. Kinacholindwa ni faida halisi pamoja na gharama zote zinazoendelea kukudai hata cherehani zikiwa kimya. Mikataba ya kwetu, ambayo mingi inafuata mtindo wa Kiingereza, inakiita kitu hicho faida ghafi. Kwa bahati mbaya ni jina lilelile analolitumia mhasibu wako kwa kitu kingine kabisa.

Tuchukue mfano wa karakana ya ushonaji mjini Morogoro, inayoshona sare za shule na nguo za Idd. Hesabu zake zinafungwa Desemba, na tarakimu nimezirahisisha. Mwaka 2024 iliuza shilingi milioni 300, bila Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa sababu kodi hiyo haikuwa fedha yake tangu mwanzo. Ilianza mwaka na vitambaa na nguo za milioni 20, ikaumaliza na za milioni 24. Ilinunua vitambaa, uzi na vifungo kwa milioni 136. Mafundi cherehani, wote wa mshahara wa mwezi, walichukua milioni 60, na umeme wa karakana milioni 6.

Mhasibu anachukua bidhaa za mwanzo, anaongeza manunuzi, mishahara ya mafundi na umeme, kisha anatoa bidhaa zilizobaki. Anapata gharama ya milioni 198. Akiitoa kwenye mauzo inabaki faida ghafi ya milioni 102, sawa na asilimia 34. Ukiendelea kushuka, ukitoa vifungashio na usafirishaji milioni 6, kodi ya pango milioni 24 na gharama za ofisi milioni 42, unafika kwenye faida halisi ya milioni 30, yaani asilimia 10.

Hakuna alipokosea. Yeye alikuwa anajibu swali la nguo hizi ziligharimu kiasi gani kushonwa. Bima ina swali lake: mauzo yakipungua, ni gharama zipi zitapungua pamoja nayo, kwa kiwango kilekile? Hizo tu ndizo zinazotolewa, na zinaorodheshwa kwa majina ndani ya mkataba. Kwa karakana yetu ni manunuzi, vifungashio na usafirishaji. Kwa hiyo unachukua mauzo milioni 300, unaongeza bidhaa za mwisho milioni 24, unapata 324. Unatoa bidhaa za mwanzo 20, manunuzi 136, na vifungashio na usafirishaji 6. Inabaki milioni 162, ambayo ni asilimia 54 ya mauzo. Ukitaka kuihakiki, panda kutoka chini: faida halisi milioni 30, ongeza mishahara 60, umeme 6, pango 24 na ofisi 42. Unafika 162 ileile. Zikikataa kukutana, kuna gharama imehesabiwa mara mbili au imesahaulika.

Mafundi hao wangekuwa wanalipwa kwa kipande, kama ilivyo kwenye karakana nyingi, mambo yangegeuka. Malipo ya kipande hukoma kazi inapokoma, hivyo yangeweza kuorodheshwa kati ya zinazotolewa. Lakini tahadhari: wakishatolewa, bima haitalipa hata senti ya kuwatunza mafundi wakati wa kusubiri, na fundi mzuri hakai bila kazi miezi mitatu akikungoja. Wapo wanaolipa kwa kipande na bado wakaamua kuwaacha ndani ya bima kwa sababu hiyo.

Sasa moto. Karakana inaungua tarehe 2 Aprili 2025, siku chache baada ya Idd el Fitri. Aprili yote imefungwa. Mei inapanga chumba na kukodi cherehani, inauza milioni 8. Juni inarudi nusunusu, inauza milioni 16.8. Jumla ni milioni 24.8. Ili kujua pengo, mtathmini wa hasara anafungua miezi ileile ya mwaka uliotangulia, kwa sababu wastani wa mwaka mzima ungechanganya msimu wa sare na miezi ya ukame. Aprili hadi Juni 2024 iliingiza milioni 80.

Wengi huishia hapo, au huongeza kiraka kimoja kinachoonekana cha haki kabisa: "Biashara yangu inakua. Januari hadi Machi mwaka jana niliuza milioni 88, mwaka huu 110. Hilo ni ongezeko la asilimia 25, nipandishie 80 ifike 100." Mkataba wenyewe unaruhusu marekebisho ya mwenendo wa biashara. Lakini unaruhusu pande zote mbili, na hapa kalenda ina neno lake. Mwaka 2024 Idd ilikuwa tarehe 10 Aprili, na mwaka 2025 ikawa tarehe 31 Machi. Pilikapilika za mwisho za nguo za Idd mwaka 2024 ziliangukia siku tisa za kwanza za Aprili, lakini mwaka 2025 zote zilikwisha ndani ya Machi, kabla ya moto. Mwandamo wa mwezi haufuati mwaka wa hesabu.

Risiti za EFD za siku kwa siku zinaonyesha kwamba siku hizo tisa zilibeba milioni 12 zaidi ya kawaida. Ni lazima zihamishwe. Aprili hadi Juni 2024 inashuka kutoka 80 hadi 68, na Januari hadi Machi 2024 inapanda kutoka 88 hadi 100. Ongezeko la kweli basi ni 110 juu ya 100, asilimia 10. Mauzo yaliyotarajiwa ni milioni 68 na asilimia 10 yake, yaani milioni 74.8. Toa 24.8 zilizouzwa kweli, na pengo ni milioni 50 kamili.

Milioni 50 mara asilimia 54 ni milioni 27. Angalia ingekuwaje kwa faida ghafi ya mhasibu: milioni 17, na mishahara ingekuacha uchi. Kwa faida halisi peke yake ingekuwa milioni 5, ambayo haifikii hata mwezi mmoja wa mishahara na pango.

Kuna vitu viwili vidogo vya kumalizia. Gharama iliyokoma kwa sababu ya moto inapunguzwa kwenye dai: umeme ulipungua kwa milioni 1 na mwenye nyumba alisamehe mwezi mmoja wa milioni 2, kwa hiyo milioni 3 zinatoka. Gharama ya ziada iliyookoa mauzo inaongezwa: chumba na cherehani za kukodi za Mei ziligharimu milioni 4. Ukomo wake ni faida ghafi iliyookolewa, na mauzo ya milioni 8 kwa asilimia 54 ni milioni 4.32, kwa hiyo milioni 4 zimepita. Dai linasimama kwenye milioni 28.

Mtathmini anaomba hesabu zilizokaguliwa, ritani za TRA, ripoti za EFD na taarifa za benki, na anataka ziseme kitu kimoja. Mfanyabiashara mwenye daftari la pili la mauzo ambayo hayakupigwa risiti hujikuta pabaya siku hiyo. Akilitoa anajishtaki kwa TRA, akilificha analipwa kwa yale madogo aliyoyatangaza. Sijawahi kuona mtu akipenya katikati.

Ile asilimia 54 ina kazi nyingine, na hii hufanyika kabla ya moto. Fomu ya kuomba bima huuliza faida ghafi ya mwaka, na mtu hufungua hesabu zake, anaona neno hilohilo, ananakili milioni 102. Baada ya janga, mtathmini anapima kiasi ambacho kingepaswa kukatiwa bima: mauzo ya mwaka yakiwekwa pamoja na ongezeko ni milioni 330, na asilimia 54 yake ni milioni 178.2. Umekata bima ya milioni 102 tu, basi kila dai linalipwa kwa uwiano huo, kama asilimia 57. Zile milioni 28 ulizozithibitisha kwa risiti na jasho zinageuka takriban milioni 16, na kampuni ya bima haijakudhulumu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa "unalipwa faida tu", uko karibu sana. Ni faida, pamoja na kila gharama isiyojua kwamba umeungua. Na kwenye ile fomu, usinakili mstari wa mhasibu. Mwombe akutolee kwenye mauzo zile gharama tu zilizotajwa kwenye mkataba, kisha aandike kinachobaki.