Swali la logi kwenye picha: kwa nini 5 inakataliwa na −1 inakubaliwa

Picha ya ukurasa wa daftari imetumwa kwa simu. Juu kuna swali la mstari mmoja, chini yake hesabu, na mwishoni majibu mawili, x = 5 na x = −1. Swali ni hili:

log₂(3 − x) + log₂(1 − x) = 3

Anayelitazama kwa haraka huamua papo hapo: logi haipokei namba hasi, basi −1 itupwe, jibu ni 5. Uamuzi huo ni wa kawaida sana madarasani, na hapa umekosea mara mbili. Jibu sahihi ni −1, na 5 ndiyo jibu bandia. Tunaomba wanafunzi na wazazi wanaowasaidia watoto kazi za nyumbani walifuate swali hili hatua kwa hatua, maana linaonyesha vizuri jibu bandia linatoka wapi na linakamatwa mahali gani.

Kwanza isomwe picha yenyewe. Ile 2 ndogo iliyoandikwa chini kidogo ya mstari ni kizio cha logi. Picha ikiwa na ukungu, mtu anaweza kuinakili kama 2 ya kawaida inayozidisha mabano, na hapo linakuwa swali jingine kabisa. Alama ya kutoa nayo hupotea kwa urahisi kwenye mkunjo wa karatasi au kwenye kivuli. Tuseme 1 − x imesomwa kuwa 1 + x. Tutapata (3 − x)(1 + x) = 8, yaani x² − 2x + 5 = 0, na hakuna namba halisi inayoutimiza mlinganyo huo. Kweli yapo maswali yasiyo na jibu, lakini kabla ya kuandika "hakuna jibu", ikuze picha uangalie alama moja moja. Kama bado ina utata, omba ipigwe upya.

Sasa hesabu. Logi mbili za kizio kimoja zinapojumlishwa, zinaunganishwa kuwa logi moja ya zao la vilivyomo ndani ya mabano:

log₂[(3 − x)(1 − x)] = 3

Maana yake ni kwamba zao hilo ni sawa na 2³, yaani 8. Tukifungua mabano tunapata 3 − 4x + x² = 8, na tukihamisha 8 inabaki x² − 4x − 5 = 0. Huu unagawanyika kuwa (x − 5)(x + 1) = 0, kwa hiyo x ni 5 au −1. Kufikia hapa hakuna kosa lolote, ila hizi bado ni namba zinazosubiri kuhakikiwa.

Tuanze na 5. Tukiiweka kwenye x² − 4x − 5 tunapata 25 − 20 − 5, ambayo ni 0. Imepita. Tukirudi hatua moja nyuma, (3 − 5)(1 − 5) ni (−2)(−4), ambayo ni 8. Imepita tena. Wengi huishia hapa wakiamini wamehakiki. Turudi sasa kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule ulio kwenye picha: log₂(−2) + log₂(−4). Hakuna kipeo halisi cha 2 kinachotoa −2. Kipeo kikiwa kikubwa, kidogo, sifuri au hasi, 2 hutoa namba chanya tu. Hivyo log₂(−2) haipo katika namba halisi, wala log₂(−4), na huwezi kujumlisha vitu visivyokuwepo ukapata 3. Kikokotoo cha kawaida nacho kitagoma na kuonyesha kosa kwenye kioo.

Chanzo cha jibu bandia ni hatua ile ya kuunganisha. Kabla ya kuunganisha, swali linadai mabano yote mawili yawe chanya, kila moja peke yake. Baada ya kuunganisha, linadai zao lake tu liwe chanya. Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo mlango umefunguliwa kwa namba ambazo mwanzoni hazikuwa na ruhusa ya kuingia, na 5 imepita humo. Kanuni ya kuunganisha logi si mbovu, ila ina sharti ambalo huwa halionekani tena likishaandikwa zao.

Ije zamu ya −1. Mabano ya kwanza yanakuwa 3 − (−1), yaani 4. Ya pili yanakuwa 1 − (−1), yaani 2. Yote ni chanya. log₂ ya 4 ni 2, log₂ ya 2 ni 1, na 2 + 1 ni 3, sawasawa na upande wa kulia wa picha. Inakubaliwa. Marufuku ya namba hasi inahusu kilichomo ndani ya logi. X yenyewe haikukatazwa kuwa hasi. Katika swali hili, kwa kuwa 3 − x na 1 − x lazima ziwe chanya, x inatakiwa iwe ndogo kuliko 1, na −1 imo humo.

Mwanafunzi makini anaweza kuuliza: kama nimeshajua x lazima iwe chini ya 1, kuna haja gani ya kurudisha jibu kwenye swali? Haja ipo, kwa sababu sharti hilo haligundui kosa la hesabu. Tuchukue aliyeandika 2³ = 6 kwa kuzidisha 2 kwa 3. Atapata x² − 4x − 3 = 0, na mojawapo ya majibu yake ni kama −0.646. Namba hiyo ni chini ya 1, na mabano yote yanakuwa chanya. Lakini ukiiweka kwenye swali, jumla ya logi inakuwa karibu 2.585 badala ya 3. Sharti limeipitisha, swali la kwanza limeikataa. Ni vyema yafanyike yote mawili, na kazi iandikwe kwenye karatasi ili msahihishaji aione, pamoja na sababu ya kukataa 5.

Uhakiki huu una mpaka wake. Unaondoa majibu yaliyozidi, lakini hauwezi kurudisha yaliyopotea. Tazama log₂(x²) = 6. Anayeshusha kipeo mbele na kuandika 2log₂x = 6 atapata log₂x = 3, kisha x = 8. Akihakiki, 8² ni 64 na log₂ ya 64 ni 6, basi ataridhika. Lakini (−8)² nayo ni 64. Jibu la pili limepotea pale kipeo kiliposhushwa, kwa sababu log₂x inadai x chanya ilhali log₂(x²) inadai tu x isiwe sifuri. Hapa njia salama ni kuandika x² = 2⁶ moja kwa moja, kupata 8 na −8, kisha kuzihakiki zote mbili. Zote mbili zinapita.