Barua pepe zinafunguliwa, majibu hayaji: dhana potofu na ukweli wake

Tuseme umetuma barua pepe 400 kwa watu wasiokufahamu. Unatafuta wateja wa huduma ya kukagua ankara za usafirishaji wa mizigo. Baada ya wiki moja mfumo unaonyesha kwamba barua 228 zimefunguliwa, yaani 57%, lakini majibu ni 3 tu. Hapo ndipo wengi wetu hushika kitu kisichohusika: hubadilisha kichwa cha barua, hutafuta saa nzuri zaidi ya kutuma, au huongeza orodha. Nitaufuata mfano huu mpaka mwisho, maana kosa linaonekana vizuri zaidi ukiwa na barua halisi mbele yako.

Dhana: Watu 228 wamefungua, kwa hiyo watu 228 wamesoma.

Ukweli: Mfumo haumwoni msomaji. Unachokiona ni picha ndogo sana, ya pikseli moja, iliyofichwa ndani ya barua; picha hiyo ikipakuliwa kutoka kwenye seva, mfumo unaandika "imefunguliwa". Tangu Septemba 2021, ilipotoka iOS 15, Apple Mail inaweza kuzipakua picha hizo yenyewe kupitia seva za Apple kwa kila aliyewasha ulinzi wa faragha, hata kama mtu hakuigusa barua. Mitambo ya usalama ya kampuni nayo huikagua barua ikiingia tu, na mingine hubofya hadi viungo. Kinyume chake pia hutokea: mtu aliyezuia picha anaweza kusoma barua yote na asihesabiwe kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisafisha namba. Mifumo mingi ya kutuma barua huweka alama kwenye ufunguaji uliofanywa na mashine; ikiwa wako hauweki, tazama muda. Barua iliyofunguliwa sekunde chache baada ya kutumwa, pamoja na zile za wapokeaji wengine wote wa kampuni hiyo hiyo, haikufunguliwa na binadamu. Katika mfano wetu, tuseme 96 ni za Apple na 21 ni za mitambo ya ukaguzi. Usizitoe upande mmoja tu: ziondoe kwenye zilizofunguliwa na pia kwenye zilizotumwa. Zinabaki 111 kati ya 283, ambayo ni 39%.

Hiyo bado ni namba ya afya. Maana yake ni kwamba barua zinafika, jina lako halitishi, na kichwa kinafanya kazi yake. Haisemi lolote zaidi ya hapo. Kichwa humfikisha mtu mlangoni. Akishaingia, anachokutana nacho ni vitu vitatu: kama jambo lenyewe linamhusu, unampa nini, na unamwomba afanye nini. Jibu limepotelea kwenye kimojawapo.

Kabla hujavipima hivyo vitatu, jitumie barua hiyo na uijibu kutoka anwani nyingine. Mara nyingine sehemu ya `Reply-To` imeelekezwa kwenye kisanduku kisichosomwa na mtu, na majibu yamelala humo.

Dhana: Kimya maana yake maandishi ni mabaya, niandike upya.

Ukweli: Anza na walengwa. Hakuna sentensi inayoweza kumfanya mtu ajibu kuhusu tatizo lisilo lake, na ukiyahukumu maneno kwa orodha mbovu utayatupa hata yaliyo mazuri. Ndiyo maana mpangilio una uzito hapa: walengwa kwanza, ofa inafuata, ombi la mwisho linakuja mwishoni. Kosa la juu huharibu kipimo cha kila kilicho chini yake.

Kupima walengwa ni kazi ya mkono, na sijaona njia ya mkato inayotosha. Kutoka kwenye orodha ya 400, chukua kila jina la kumi, upate 40. Kwa kila mmoja jiulize: tatizo hili ni lake kikazi? Anaweza kuliamua, au angalau kulifikisha kwa anayeamua? Kuna dalili yoyote kwamba tatizo lipo kwake sasa hivi? Usitosheke na cheo kilichoandikwa. "Meneja wa Uendeshaji" katika kampuni moja ndiye anayesaini malipo ya wasafirishaji. Katika nyingine hajawahi kuiona ankara hata moja.

Tuseme umefanya hivyo na kukuta watu 17 hawana kauli yoyote juu ya ankara, na wengine 9 wako kwenye kampuni zisizosafirisha mizigo yao wenyewe. Waliobaki ni 14 kati ya 40. Ikiwa orodha nzima iko hivyo, walengwa wako wa kweli hawakuwa 400 bali kama 140. Picha imebadilika yote: ulidhani umeshindwa mbele ya watu 400, kumbe zaidi ya nusu yao hawakuwa na sababu ya kukujibu.

Sasa soma yale majibu 3. Watu huyapita kwa kuwa si mauzo, nami nayaona kuwa yana thamani kuliko ripoti nzima. La kwanza: "Hili liko kwa wenzetu wa fedha." Hilo ni la walengwa. La pili: "Tayari tuna mhasibu." La tatu: "Mnafanya nini hasa?" Hayo mawili yametoka kwa watu sahihi, na yote mawili yanalalamikia kitu kimoja.

Dhana: Ofa yangu ni nzuri, wao ndio hawajaielewa.

Ukweli: Ofa isiyoeleweka katika usomaji wa sekunde kumi, kwa mtu anayepokea barua, haipo. Barua ya mfano wetu ilisema: "Tunasaidia kampuni kuboresha mchakato wa malipo na kupunguza gharama." Sentensi hiyo ingeweza kutumwa na benki, na muuza programu, na mshauri wa kodi. Si ajabu mmoja akadhani unauza uhasibu.

Jaribu hivi: mpe barua mtu asiyeijua kazi yako, mwachie sekunde kumi, kisha mnyang'anye. Mwulize nini kitafanyika, yeye atabaki na nini mkononi, na atatakiwa kutoa nini. Akikosa la kwanza au la pili, ofa haijaandikwa. Ilivyopaswa kuwa ni kama hivi: "Tunapitia ankara za usafirishaji mlizolipa katika miezi 12 iliyopita na kuwaletea orodha ya zilizotozwa mara mbili au kwa uzito usio sahihi. Malipo yetu ni sehemu ya fedha itakayorudi."

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Ukisema malipo hutolewa baada ya fedha kurudi, unajiona umeondoa kila kikwazo. Lakini mpokeaji anatazama upande wake: atamkabidhi mgeni ankara za mwaka mzima, zenye bei alizopatana na wasafirishaji wake. Kwake hiyo ni gharama kubwa, ingawa hakuna fedha iliyotoka. Mtu wa namna hiyo hakatai, anakaa kimya tu, kwa sababu kukataa kungemlazimu kueleza. Dawa yake ni kuipunguza ofa yenyewe badala ya kuipamba: mwezi mmoja, msafirishaji mmoja, na makubaliano ya usiri kabla ya faili lolote kutumwa.

Utajuaje kwamba tatizo ni ofa? Walengwa wakiwa sahihi, majibu machache yanayokuja yatakuwa ya "tayari tunaye", "si sasa" au "mnafanya nini". Watu wanazungumza nawe, lakini juu ya kitu tofauti na unachouza.

Dhana: Kuomba dakika 30 ni ombi dogo.

Ukweli: Kwa mtu asiyekufahamu ni ombi kubwa. Lazima afungue kalenda, akubali kusikiliza mauzo, na ajiandae kumkatalia mtu ana kwa ana. Barua yetu iliishia hivi: "Je, tunaweza kuzungumza dakika 30 wiki hii? Chagua muda hapa. Pia nimeambatisha kijitabu, na tovuti yetu ina maelezo zaidi." Hayo ni maombi matatu, na la kwanza ndilo zito kuliko yote.

Badala yake uliza swali moja ambalo mtu anaweza kulijibu kwa mstari mmoja, kwenye simu, bila kumtafuta mwenzake: "Je, ankara za wasafirishaji hulinganishwa na mkataba kabla ya kulipwa, au hulipwa zikifika?" Anayejibu "hulipwa zikifika" ameshakueleza tatizo lake kwa maneno yake mwenyewe, na mazungumzo yameanza.

Kuna pia ombi dogo kupita kiasi. "Unaonaje?" halina mpini wa kushika; mtu hajui aanzie wapi. Na swali jepesi lisilogusa ofa litakuletea majibu mengi yasiyokwenda popote, kwa hiyo hesabu majibu yanayoendelea, si majibu yote.

Dalili ya kosa hapa hutofautiana na ile ya ofa. Utaona mtu yule yule akiifungua barua siku tatu tofauti, au akibofya kiungo cha kalenda bila kuchagua muda. Amevutiwa, ila hatua uliyomwekea ni ndefu kuliko mguu wake.

Dhana: Nikikumbusha mara nyingi, watajibu.

Ukweli: Ukumbusho humsaidia aliyekusudia kujibu akasahau. Mmoja au wawili wanatosha. Kwa asiyehusika, kila ukumbusho ni sababu nyingine ya kukuripoti kama barua taka, na hapo utapoteza hata ule ufunguaji uliokuwa nao.

Dhana: Nimejaribu barua mpya kwa watu 100, hakuna jibu, basi haifai.

Ukweli: Ukituma 100 na kupata 0, kiwango chako halisi bado kinaweza kuwa karibu 3%. Kanuni ya haraka ni kugawanya 3 kwa idadi uliyotuma; hicho ndicho kiwango cha juu ambacho sifuri yako haijakikanusha. Vivyo hivyo, majibu 2 dhidi ya 4 katika makundi ya 100 hayathibitishi chochote. Kwa orodha ndogo, itegemee aina ya majibu kuliko idadi yake: yakihama kutoka "si mimi" hadi "tayari tunaye", umewapata walengwa, yakihama hadi "mnahitaji ankara za namna gani?", ofa imeeleweka.

Badilisha kitu kimoja kila mara, na ukijaribishe kwa watu ambao hawajakusikia. Isipokuwa mmoja. Yule aliyeuliza "Mnafanya nini hasa?" bado anasubiri, ni mlengwa sahihi, na amekuambia wazi kilichokosekana. Mtumie zile sentensi mbili mpya na lile swali moja leo.