Runinga ikiangusha breka, runinga ikinuka: kesi mbili tofauti

"Kila nikiwasha runinga breka ya nyumba inaanguka, na jana usiku nilisikia harufu ya kuungua. Nifunge breka kubwa zaidi, au niendelee kuitazama hivyohivyo?"

Breka iache ilivyo, na runinga usiiwashe tena mpaka ijulikane harufu inatoka wapi. Chomoa plagi kabisa. Kuizima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu bodi ya pawa huendelea kupokea umeme hata kioo kikiwa cheusi.

Runinga haina ubavu wa kuilemea breka. Ya inchi 43 hutumia takriban wati 80, ambazo kwa volti 230 ni kama theluthi ya ampea, na breka za soketi huwa za ampea 16, 20 au 32. Ikianguka, basi umeme umepiga shoti au unavuja kwenda ardhini. Itazame breka yenyewe: ikiwa ina kitufe chenye herufi T, hiyo ndiyo inayonusa mvujo, na nyingi za majumbani hujikata kwenye miliampea 30. Runinga nyingi hazina waya wa ethi, hivyo mvujo wake hutokea mlango wa nyuma, kupitia waya wa dishi au antena iliyofungwa kwenye bomba la chuma huko nje.

Kama ni shoti, kuna jambo la kujiuliza. Ndani ya runinga, pale waya wa umeme unapoingia kwenye bodi, kuna fyuzi ndogo ya ampea chache. Shoti ikitokea baada yake, fyuzi hiyo hukatika na runinga inakufa kimya. Breka ya nyumba inaweza kuanguka nayo mara ya kwanza, lakini ukirudisha umeme haianguki tena, maana njia imeshakatika. Ikianguka kila mara, ama shoti iko kabla ya fyuzi, kwenye plagi au waya, ama fyuzi si fyuzi tena.

Niliwahi kuletewa ya namna hiyo. Umeme ulikatika, uliporudi runinga ikaangusha breka, na kila ilipochomekwa ikaangusha tena. Mwenyewe alikuwa amefanya la busara: alichomoa, akarudisha breka ikakaa, akachomeka taa kwenye soketi ileile ikawaka vizuri. Hapo nyumba ikawa imeshatolewa mashakani. Nilipofungua nilikuta dayodi zinazogeuza umeme wa soketi zimepiga shoti, mita ikisoma karibu sifuri kila upande. Na kwenye nafasi ya fyuzi kulikuwa na kipande cha waya, kazi ya fundi aliyenitangulia. (Sisi mafundi tuna dhambi zetu.) Dayodi zilipokufa, kitu pekee kilichobaki kuzuia moto ni breka ya ukutani.

Sasa harufu, ambayo mimi naiogopa zaidi. Breka hupima mkondo, haipimi joto. Kifaa kibovu ndani ya runinga kikila wati 200 za ziada, hiyo haifiki hata ampea moja. Fyuzi haikatiki, breka haishtuki, na wati zote hizo zinapika plastiki ndani ya kasha lililofungwa. Vumbi la runinga iliyokaa stoo hunuka kidogo likipata joto, kisha hupotea ndani ya dakika chache. Harufu ya plastiki au ya shombo la samaki haina msamaha.

Usiishie kunusa runinga tu. Baada ya kuzima swichi kuu, nusa na soketi. Plagi ya pini mbili iliyosukumizwa kwa kijiti kwenye soketi ya pini tatu hukaa kwa kulegea, na penye kulegea pana joto. Hapo runinga mara nyingi husingiziwa. Pasi ya wati 1000 iliyochomekwa kwenye ekstensheni moja na runinga huvuta mkondo mara 12 wa runinga, na kwa kuwa joto la kiungo kilicholegea hukua kwa mraba wa mkondo, linazidi mara 140. Ukiona soketi imegeuka rangi ya kahawia au pini zimeungua, ibadilishwe pamoja na plagi. Kuisugua ikang'aa hakusaidii.

Ukiona moshi, zima swichi kuu kwanza, usimwage maji, na watu watoke. Moshi usipokuwepo, runinga iliyochomolewa iende kwa fundi bila kufunguliwa nyumbani: kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kutoka. Ukienda kuichukua, mwambie fundi akuonyeshe fyuzi kabla hajafunga kifuniko.