Kutafsiri bei si kubadili bei

Sokoni Mwanjelwa au Uyole, Mbeya, mwenye duka la jumla akipiga picha ya ubao wake wa bei ili umfikie mnunuzi wa Uarabuni, ombi lake karibu kila mara ni hili: "Nitafsirie hizi bei kwa riyali." Sentensi hiyo inabeba kazi mbili zilizofungwa kamba moja, na hapo ndipo hasara huanzia. Kutafsiri ni kuyatoa maneno ya ubao kwenye Kiswahili na kuyaweka kwenye Kiarabu. Kubadili ni kuitoa namba kwenye kipimo au fedha moja na kuipeleka kwenye nyingine. Kazi ya kwanza haigusi namba hata moja. Ya pili inazigusa zote, na jibu lake linategemea siku na kipimo.

Kilichotuchanganya ni neno lenyewe. Tafsiri tumelitoa kwenye Kiarabu, lakini kwa Waarabu tafsir ni kueleza maana, kama tafsiri ya Kurani. Kuhamisha maneno toka lugha hadi lugha wanaita tarjama, na sisi tunalo hilo pia, tarjuma, ingawa limelala kamusini. Kubadili fedha au kipimo wanaita tahwil. Mzizi huo ndio uliotupa hawala, na pia uhawilishaji, neno ambalo kaya za vijijini Iringa na Mbeya zinalijua kupitia ruzuku za TASAF. Kwetu kuhawilisha kumebaki kuwa kupeleka fedha toka mkono huu hadi ule. Kwao tahwil ni kupeleka na pia kubadili. Kwa hiyo Kiarabu kina maneno mawili kwa kazi hizi mbili, nasi tumezitupia zote kwenye "tafsiri".

Maneno ya kukopa yana mtego mwingine wa aina hiyohiyo. Bei imetokana na bay', ambalo kwao ni kuuza. Ukiandika بيع juu ya orodha, msomaji ataona "mauzo". Thamani imetokana na thaman, ambalo kwao ndilo bei ya kitu. Ubaoni wao huandika سعر, na orodha nzima ni قائمة الأسعار. Neno kufanana na letu si kibali cha kulitumia.

Tuchukue ubao wenye mistari miwili: mchele wa Kyela 3,200/= kwa kilo, na maharage debe 45,000/=. Mnunuzi yuko Maskati, Oman.

Kabla ya chochote, isome picha kwa jicho, usiiachie simu peke yake. Alama ya /= ina maana kwamba senti hazipo, lakini programu inayosoma maandishi kwenye picha huweza kuugeuza mkwaju kuwa moja, na 3,200/= ikatoka 32001. Dalili yake ni rahisi: bei za shilingi huishia na sifuri, kwa hiyo ukiona bei inayoishia na moja, rudi kwenye picha. Kwenye Kiarabu alama hiyo iache kabisa, maana haisemi kitu kwao, na mwandiko wa kutoka kulia kwenda kushoto huweza kuirusha upande wa pili wa namba. Andika jina la fedha kwa ukamilifu, شلن تنزاني, kwa sababu Kenya, Uganda na Somalia nao wana shilingi.

Mstari wa mchele kwenye kipimo hauna kazi. Kilo ni kilo Kyela na Maskati. Bei inabaki 3,200, maana hiyo ndiyo bei aliyoitangaza muuzaji. Riyali inaingia kwenye mabano tu, kama msaada kwa msomaji, na hapo swali la kwanza ni riyali ya wapi. Oman, Saudia, Qatar na Yemen wote wana fedha wanayoiita riyali. Ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa 3.75, yaani dola moja ni riyali 3.75. Ya Oman ni kinyume: riyali moja ni dola 2.6 na chenji kidogo. Tuseme siku ya picha dola ni shilingi 2,600. Riyali ya Saudia itakuwa kama shilingi 693, na ya Oman kama 6,762. Anayeandika "riyali" bila nchi amemwachia msomaji afanye kosa la karibu mara kumi.

Gawanya 3,200 kwa 6,762 upate 0.473. Riyali ya Oman ina baisa 1,000, si senti 100, kwa hiyo tarakimu tatu baada ya nukta ni kawaida yao, na 0.473 ni baisa 473. (Baisa ni ndugu wa pesa yetu, yote mawili yametoka kwenye paisa ya Kihindi.) Kwa bei ndogo kama hii andika baisa, nukta isipate nafasi ya kupotea. Mstari uliokamilika ni huu:

```
أرز كييلا: 3,200 شلن تنزاني للكيلو (نحو 473 بيسة عمانية)
```

Neno نحو ni "kama" au "takriban". Usilitoe. Chini ya orodha weka tarehe na kiwango ulichotumia, kwa sababu riyali ya Oman haitikisiki mbele ya dola lakini shilingi inatikisika, na wiki tatu baadaye mabano yatakuwa yamechakaa huku 3,200 ikiwa bado ni ahadi ya muuzaji.

Tarakimu nimeziacha kama zetu kwa makusudi. Wasomaji wa Ghuba wanazijua zote mbili, ila anayehakiki kazi huku Mbeya mara nyingi hazijui zao: tano yao ni ٥, ambayo kwetu ni sifuri kabisa, na sifuri yao ni kitone ٠. Asiyezizoea atapitisha kosa la elfu nyingi bila kushtuka.

Maharage ndiyo magumu. Debe ni ujazo, kama lita 20, wala si uzito. Kwa Kiarabu ni صفيحة, na ni vizuri kuongeza سعة 20 لترًا ili ukubwa wake ujulikane. Wengi hapo hukimbilia kilo kwa sababu mnunuzi wa nje anaelewa kilo, halafu wanachukua namba ya kichwani. Debe la maharage likipimwa likatoa kilo 16, kilo moja ni shilingi 2,812 na nusu. Likijazwa kwa kichuguu likatoa 18, kilo ni 2,500. Tofauti kwa tani moja ni zaidi ya shilingi laki tatu, na mnunuzi atadai bei iliyoandikwa. Mwenye ujazo wa debe lile ni muuzaji. Apime debe lake kwenye mzani, aseme kilo, ndipo mfasiri aandike. Asipopima, bei inabaki kwa debe. Gunia la viazi ndilo zaidi, maana la lumbesa na lililoshonwa sawa na mdomo huitwa gunia yote mawili.

Kwa hiyo ombi la "nitafsirie hizi bei kwa riyali" lisikilizwe hivi: "Nitafsirie huu ubao, na kando yake nikadirie riyali ya Oman kwa kiwango cha leo." Ni maneno machache zaidi, na mwenye duka hatayakataa ukimweleza kwamba ubao wake bado unasema shilingi.