Viti vya harusi ya Pate: kabla ya bei, nauliza mwezi

Mtu akinipigia simu kutaka viti 200 vya harusi hapa mjini Lamu, namjibu papo hapo: shilingi 20 kiti kimoja, jumla 4,000, na 1,000 ya mkokoteni. Akisema harusi iko kisiwani Pate, simjibu bei. Namuuliza siku hiyo mwezi mwandamo utakuwa wangapi.

Wengi hucheka. Lakini chombo kilichobeba mzigo hakifiki karibu na mji wa Pate ila maji yakiwa yamejaa. Mwezi mosi hadi wa tatu, na kumi na tano hadi kumi na saba, ni bamvua: maji hujaa sana, lakini hujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi ufuo umekauka. Mwezi nane au ishirini na mbili ni maji mafu, hata yakijaa hayatoshi. Hapo mzigo hushushwa gatini Mtangawanda, na viti vimalizie safari kwa punda.

Juzi alinijia mzee mmoja anayemwoza mwanawe Ijumaa, mwezi kumi na tano. Nikamhesabia hivi. Viti vifike Alhamisi saa kumi jioni, kwa kuwa Ijumaa asubuhi hakuna maji. Ijumaa ni shughuli. Jumamosi alfajiri vipakiwe maji yakiwa juu, na vikifika Lamu vioshwe mafuta ya pilau, siku imekwisha. Siku tatu.

"Mbona harusi ya siku moja wanilipisha siku tatu?"

"Ami, siku mbili zile viti viko kwako. Akija mwingine sina cha kumpa."

Siku ya shughuli natoza bei kamili, zile mbili nusu bei: 4,000, na 2,000 mara mbili, jumla 8,000. Mfunguo mosi, harusi zinapofuatana baada ya Ramadhani, siku zote natoza kamili, maana kila siku ya kungoja nimemkosa mteja wa hakika. Boti 7,000 kwenda na 7,000 kurudi. Mahamali wa pande zote mbili 4,000. Jumla 26,000. Mzee alishtuka, nami simlaumu, maana viti vyenyewe havifiki hata theluthi ya pesa hizo.

Kwenye ile shilingi 20 mimi nabaki na nini? Kiti kimenigharimu 900 mpaka ghalani, nauli ndani yake. Kwa daftari langu kiti hutoka kama mara 90 kabla ya kufa, kwa hiyo kila kikitoka kinakula shilingi 10 za uhai wake. Kuosha ni 3. Inabaki 7, ambayo kwa viti 200 ni 1,400. Ndiyo maana siwezi kumbebea mteja gharama ya boti hata chembe. Nikifanya hivyo namlipa mimi ili aoze.

Amana nayo haiwezi kuwa thamani ya viti vyote. Hiyo ni 180,000, na nani atatoa? Naangalia hasara ya kawaida, viti vitano au sita katika 200, kisha nachukua amana ya viti kumi: 9,000. Kila kiti kina alama ya rangi chini ya kalio, kwa sababu harusini viti vya watu watatu huchanganyika.

Nilipokosea zamani ni mahali pa kuhesabia. Nilikuwa nahesabu Lamu, baada ya boti. Kikikosekana kimoja, mwenye harusi husema kimevunjikia chomboni, na mwenye boti husema alikipokea hivyo hivyo. Siku hizi kijana wangu anahesabu kule kule ufuoni, kumi kumi, mwenye harusi akitazama, kabla ya kupakia. Kitakachovunjika baada ya hapo ni changu.

Kwa mzee huyu vilikosekana viwili, vinne vikavunjika. Vilivyopotea nilikata bei kamili, 1,800. Huenda vimo barazani mwa mtu, na mara nyingi vikidaiwa pesa hurudi vyenyewe. Katika vile vinne, viwili vilikuwa vimepasuka mguuni. Nilipovipangusa kwa kiganja mkono ulitoka na unga mweupe. Hilo ni jua, plastiki imechoka, na uchakavu nimeshalipwa katika ile shilingi 10. Sikukata kitu. Vingine viwili vilikuwa vizima usoni, havina unga, ila mgongo umekatika: mtu aliegemea akabaki juu ya miguu miwili ya nyuma. Hivyo vilikuwa vimekwisha tumika nusu ya umri wao, nikakata nusu, 900 kwa vyote viwili. Nikamrudishia 6,300.

Mahema nitayaandikia peke yake, kwa kuwa hayo adui yake ni chumvi. Yakirukiwa na maji ya bahari lazima yaoshwe kwa maji matamu na yaanikwe yakauke kabla ya kukunjwa, vinginevyo vyuma hushika kutu na turubai huota ukungu, na hapa kwetu maji matamu yana bei yake.

Yule mzee ana binti mwingine wa kuozwa. Safari hii alinipigia akaanza yeye: "Mwanangu, mwezi utakuwa ishirini na mbili." Nikamwambia aongeze pesa za punda.